Tiketi ya tamasha: kwanza mfikirie anayesimama mlangoni

Wateja wengi wakija kuchapisha tiketi hutuuliza tuweke alama gani ya siri. Sisi huuliza kwanza: mlangoni kutakuwa na nani, na atapata muda gani kwa kila tiketi? Usiku, watu wakisukumana, mlinzi hawezi kusoma maandishi madogo kama nywele. Anahitaji kitu cha kugusa na kitu cha kumulika.

Tuseme umeagiza tiketi 600. Tunazifunga vitabu 12 vya tiketi 50. Kila tiketi ina sehemu tatu: kishina kinachobaki kwenye kitabu cha muuzaji, tiketi yenyewe, na kipande cha mwisho ambacho mlinzi anakichana na kukitia kwenye sanduku. Namba moja inarudiwa sehemu zote tatu. Daraja nalo, VIP au kawaida, liandikwe pia kwenye kile kipande. Kesho yake ukihesabu vipande utajua waliingia wangapi wa kila bei.

Namba yenyewe haimzuii mtu kutoa kopi. Inachofanya ni kumfichua. Vipande viwili vya 0214 vikikutwa sandukuni, unajua kuna tiketi iliyokopiwa, na kwa kuwa kitabu cha tano kina 0201 hadi 0250, unajua pia uanze kumuuliza muuzaji yupi. Ndiyo maana andika jina la kila muuzaji na kitabu chake kabla hajaondoka navyo.

Mjanja atabadilisha namba kwenye kompyuta. Kwa hiyo hatuzichapi namba pamoja na picha. Tunazigonga kwa mashine ya namba. Tarakimu za chuma hubonyeza karatasi, na ukipitisha kidole nyuma ya tiketi unausikia mkwaruzo. Kopi ni laini. Mstari wa kuchania ni hivyo hivyo: kwenye fotokopi matundu huwa nukta za wino tu, na tiketi ikichanwa hupasuka ovyo. Ila mwenye mashine ya kutoboa anaweza kuuiga, basi usiutegemee peke yake.

Cha kumulika ni wino usioonekana, unaong'aa chini ya tochi ya kukagulia noti. Hapa karatasi ndiyo huharibu kazi. Karatasi nyingi nyeupe sana zimetiwa dawa ya weupe, nazo zenyewe hung'aa buluu chini ya tochi hiyo, alama ikapotelea humo. Tunaimulika karatasi kabla ya kuinunua. Ikibaki nyeusi, inafaa. Wewe hakikisha kila mlango una tochi, na walinzi wameonyeshwa tiketi halisi mchana wa siku hiyo.

Siku ya kuchukua mzigo, hesabu vitabu mbele yetu. Zilizoharibika mashineni hatuzitupi jalalani, maana zina karatasi na wino ule ule; tunakukabidhi pamoja na orodha ya namba zake, uwape walinzi orodha hiyo wazikatae.