Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tamthilia ya Sehemu 12 Ndani ya Nyumba Moja

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha za chama zimo katika taarifa ya mweka hazina, na mambo ya uanachama ameyaeleza katibu, kwa hiyo sitayarudia. Nafasi yangu nitaitumia kueleza jambo moja ambalo kamati tendaji imelifuatilia kwa karibu mwaka huu, yaani namna vikundi vyetu vinavyorekodi tamthilia za sehemu fupi kwa fedha kidogo, na sababu zinazofanya kikundi kimoja kimalize kazi ndani ya bajeti wakati kingine, chenye kamera ileile na fedha zilezile, kinaishiwa kabla ya kufika nusu.

Kikundi kimoja cha hapa Dar es Salaam kimeturuhusu kuzipitia karatasi zake za kazi. Tamthilia yao ina sehemu 12, kila sehemu dakika 12, jumla dakika 144. Kila sehemu ina maonyesho saba, hivyo yote pamoja ni maonyesho 84. Kati ya hayo, 56 yanatokea katika nyumba ya familia, 14 katika duka la mtaani, na 14 katika ofisi ya wakili. Mtu akiitazama hesabu hiyo harakaharaka ataona kwamba maonyesho saba kwa siku yanawezekana, kwa hiyo atapanga kurekodi sehemu moja kila siku kwa kufuata mtiririko wa hadithi. Hapo ndipo fedha zinapoanza kupotea.

Siku moja ya namna hiyo inadai lokesheni tatu, maana yake kuhama mara mbili. Kuhama si safari ya gari peke yake. Taa zinashushwa, nyaya zinakunjwa, vyombo vinapakiwa, kisha huko mnakofika kila kitu kinafungwa upya na sauti inapimwa upya. Kila kuhama kulikula takribani saa mbili, na katika siku ya saa 12 zikipotea saa nne, bado chakula hakijaliwa na waigizaji hawajabadili nguo, kikundi hakivuki maonyesho manne. Kwa mwendo huo maonyesho 84 yanahitaji siku 21. Kikundi hiki badala yake kilirekodi kwa kufuata mahali, si kwa kufuata hadithi: maonyesho yote 56 ya nyumbani kwa siku nane mfululizo, ya dukani kwa siku mbili, na ya ofisini kwa siku mbili. Siku 12 zikatosha.

Faida yake inaonekana zaidi katika posho. Mwigizaji wa nafasi ya baba mdogo alikuwa na maonyesho mawili katika kila sehemu, yote sebuleni. Kwa mpangilio wa hadithi angeitwa siku 12 na kulipwa posho ya siku 12, ambapo sehemu kubwa ya muda angekaa akisubiri zamu yake. Kwa mpangilio wa mahali, maonyesho yake yote 24 yalikamilika kwa siku nne.

Ndani ya nyumba nako kuna mpangilio. Walianza na sebule, wakaenda jikoni, kisha chumbani, mwisho barazani. Katika kila chumba walirekodi kwanza picha zote zinazotazama dirishani, za sehemu zote 12, ndipo wakaigeuza kamera na kuzihamisha taa mara moja tu. Maonyesho ya usiku ya ndani yalirekodiwa mchana, madirisha yakiwa yamezibwa kwa kaniki mikunjo miwili. Njia hii inaokoa posho za usiku na usafiri wa kuwarudisha watu makwao, lakini ina gharama yake: chumba kilichozibwa hivyo hakipitishi hewa, na feni haiwezi kuwashwa kwa sababu maiki inaisikia. Baada ya nusu saa nyuso zinalowa jasho, na mtazamaji anamwona mtu aliyeamka saa nane ya usiku akimeta kama aliyetoka kupalilia. Waliokuwa makini waliifungua kaniki kila baada ya maonyesho mawili na kumpa mpambaji muda wa kuwafuta watu nyuso.

Napenda mwelewe vizuri kwamba mpangilio huu hauondoi ugumu, unauhamisha tu kutoka mfukoni kwenda kwenye kumbukumbu. Asubuhi moja sebuleni binti wa familia anarekodi onyesho la sehemu ya pili akiwa mzima, kisha la sehemu ya saba akiwa na bandeji ya mkono, kisha la sehemu ya nne, kabla ya ajali. Ni lazima mtu mmoja, asiye na kazi nyingine yoyote, ajue kila dakika hadithi imefika wapi. Kikundi kilimkabidhi kazi hiyo msaidizi wa mwongozaji, naye kabla ya kurekodi alipitia skripti nzima na kulipatia kila onyesho namba ya siku ya hadithi. Hadithi yote ilitokea ndani ya siku 19. Kwa kila siku aliandika nguo, nywele, kidonda, saa ya ukutani inaonyesha saa ngapi, na kalenda iko mwezi gani. Mwisho wa kila onyesho alimpiga picha kila mwigizaji kwa simu, mbele, nyuma na kila ubavu, akiwa ameshika karatasi yenye namba ya onyesho.

Pamoja na umakini huo, kuna mahali pamoja ambapo kazi iliharibika, nami napaeleza kwa sababu nimepaona pia katika kazi za vikundi vingine. Ni mlangoni. Katika sehemu ya tano binti anainuka sebuleni kwa hasira, anafungua mlango na kutokea barazani. Sebule ilirekodiwa siku ya pili na baraza siku ya saba, na katikati yake mwigizaji alikwenda kusukwa upya. Msaidizi alikuwa na picha zake, lakini nywele haziwezi kubadilishwa kwa dakika tano kama gauni. Mhariri alipounganisha vipande viwili, mtu aliingia mlangoni na nywele za mistari mipana akatokea na misuko membamba. Walilazimika kuukata mwendo wote wa mlangoni na kumwonyesha akiwa amekwisha kukaa nje, amejitanda kanga kichwani katika picha waliyoirudia. Tangu hapo wamejiwekea sheria ambayo ningependa kila mwanachama aichukue: onyesho lolote linalopita mlangoni, pande zote mbili za mlango hurekodiwa siku moja, hata kama kufanya hivyo kutavuruga utaratibu wa vyumba. Na nywele zihesabiwe kuwa sehemu ya mkataba wa mwigizaji kwa siku zote za kurekodi.

Jambo la pili linaloharibu kazi zetu ni sauti. Watazamaji huvumilia picha yenye giza kidogo, lakini wasiposikia maneno huacha kutazama. Nyumba tunazoazima zina friji, zina paa la bati, zina jirani mwenye kuku na barabara yenye bodaboda. Friji ni lazima izimwe wakati wa kurekodi, na kikundi hiki kilikuwa na desturi nzuri ya kuweka funguo za gari ndani ya friji iliyozimwa, ili asiwepo wa kuondoka jioni bila kuiwasha na kumwozeshea mwenye nyumba samaki wake. Adhana ya adhuhuri na ya alasiri nyakati zake zinajulikana, kwa hiyo chakula kilipangwa kuanza adhuhuri, na alasiri zikapangwa picha zisizo na maneno: mikono inayokata vitunguu, mtu anayesoma barua. Mvua ndiyo haina makubaliano na mtu. Chini ya bati hakuna maiki itakayoisaidia, na ndiyo sababu kamati inashauri kazi za ndani ya nyumba za aina hii zisipangwe katika wiki za masika.

Kila chumba pia kirekodiwe kimya chake, watu wote wakiwa wametulia kwa dakika moja. Mhariri anapounganisha onyesho la asubuhi na la jioni, kimya hicho ndicho kinachoziba pengo kati ya kipande na kipande. Mkisikia katika tamthilia sauti ya nyuma inakatika kila mtu anapoanza kusema, jueni dakika hiyo haikurekodiwa.

Sasa niseme kuhusu skripti, kwa sababu kila kitu nilichokwisha kukieleza kinategemea kuwa skripti zote 12 zimekamilika kabla ya siku ya kwanza. Vikundi vinavyoandika sehemu ya sita wakati ya tatu inarekodiwa haviwezi kurekodi kwa kufuata mahali. Na anayechagua njia hii akubali mipaka yake: sehemu ya kwanza ikionyeshwa, watazamaji wakampenda muuza duka kuliko mtu mwingine yeyote, hakuna namna ya kumwongezea maonyesho, kwa kuwa duka limekwisha kurudishwa kwa mwenyewe. Waigizaji nao hawawezi kukua pamoja na hadithi, kwa hiyo kabla ya kurekodi ni lazima wakae pamoja waisome yote kwa sauti, kutoka mwanzo hadi mwisho, hata kama ni kwa siku mbili bila kamera.

Mwandishi wa tamthilia ya lokesheni chache anahitaji kujua namna ya kuleta mambo ya nje ndani. Wazee wa kazi hii walilijua hilo. Katika Vioja Mahakamani ya KBC ya Kenya, ugomvi wa sokoni, wizi na fumanizi vyote vinatufikia kupitia vinywa vya mashahidi, na kamera haina haja ya kutoka mahakamani. Katika tamthilia niliyoieleza, ajali ya gari haikurekodiwa. Simu inaita mezani, mama anaipokea, na kamera inabaki usoni mwake. Kwa maoni yangu hilo ndilo onyesho bora kuliko yote 84, na gharama yake ilikuwa sawa na onyesho la kula chakula. Ila njia hii isitumiwe kila sehemu, kwa maana watu wakisimuliana tu mambo yaliyotokea kwingine, tamthilia inageuka kuwa ya redio.

Skripti kamili inasaidia pia katika kibali. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka kibali kipatikane kabla ya kurekodi, na maombi yake kwa Bodi ya Filamu huambatana na maelezo ya kazi nzima. Barua ya serikali ya mtaa na makubaliano ya maandishi na mwenye nyumba vipatikane mapema vilevile, yakitaja vyumba, siku, umeme utakaotumika na nani atalipia kitakachovunjika.

Kwa mwaka ujao kamati tendaji inawaombeni muidhinishe mambo mawili katika mkutano mkuu. La kwanza ni mafunzo ya watunza mwendelezo, yaani wenye kazi kama ya yule msaidizi wa mwongozaji, mshiriki mmoja kutoka kila kikundi, yatakayofanyika ndani ya nyumba halisi kwa kutumia skripti ya sehemu tatu. La pili ni daftari la nyumba: kila kikundi kilichorekodi katika nyumba kiandike dirisha la sebule linatazama wapi, paa ni la nini, umeme unahimili taa ngapi, kelele za jirani huanza saa ngapi, na kama mwenye nyumba yuko tayari kupokea kikundi kingine. Fomu za daftari hilo zipo kwa katibu, na wenye nyumba za kuandikisha wanaweza kuzijaza kabla hata ya mkutano.

Mwenyekiti