Klipu 12 za duka kwa asubuhi moja ya kushuti

Wateja wengi wakitupigia simu kuuliza bei huwa na hesabu yao tayari: "Nitaongea dakika 10 mbele ya kamera, halafu nyie mtanikatia vipande vya mwezi mzima." Tulishawahi kukubali kazi ya namna hiyo, na hatuikubali tena. Ukikata maongezi marefu, kila kipande kinaanzia katikati ya habari. Anayeperuzi simu anakuta mtu anasema "na ile nyingine niliyowaonyesha…" naye hajaonyeshwa kitu. Anapita zake.

Kinachoweza kurekodiwa kwa siku moja ni video 12 fupi ambazo kila moja ina mwanzo wake. Mfano ni dada mmoja mwenye duka la vitenge Kariakoo. Bajeti yake ilitosha kutuita mara moja tu kwa mwezi. Kabla hatujagusa kamera tulimwomba afungue WhatsApp ya duka na atusomee maswali anayoulizwa kila siku. Gauni la mshono linakula mita ngapi? Kitenge hiki kinachuja? Bei ya jumla inaanzia pisi ngapi? Mikoani mnatuma kwa basi gani, na nani analipia mzigo? Tukapata 12, yaani klipu tatu kwa wiki kwa wiki nne. Kila swali likawa klipu ya sekunde 20 hivi, na sentensi ya kwanza ndiyo swali lenyewe. Salamu na "karibuni sana dukani kwetu" tuliziondoa, maana sekunde tatu za mwanzo ndizo zinazoamua kama mtu atabaki.

Siku ya kazi hatukufuata mpangilio wa kuposti. Saa 1 asubuhi, kabla spika za matangazo hazijaanza kelele mtaani, tulimaliza maneno yote 12 kwa mkupuo, kamera ikiwa palepale na maiki imebanwa kolani. Feni ilizimwa. Jasho lilimtoka, lakini mngurumo wa feni ukishaingia kwenye sauti, kuuondoa bila kuharibu maneno ni shughuli. Alikuja na magauni matatu, akawa anabadilisha kila baada ya klipu nne, nasi tukazichanganya wakati wa kupanga ratiba ili gauni moja lisitokee mara mbili mfululizo.

Kuanzia saa 3 tulishuti mikono tu, kwa hiyo kelele za nje hazikutuhusu tena: mkasi ukipita kwenye kitambaa, futi ya kupimia, pindo la kitenge lenye maandishi ya kiwanda. Kwa swali la kuchuja tuliweka kipande kwenye beseni jeupe la maji, tukaacha kamera iangalie maji hayo bila kukata. Hiyo ndiyo klipu iliyomletea meseji nyingi kuliko zote, na haina neno hata moja baada ya swali. Picha hizi za mikono ni akiba, kwani ile ya mkasi tuliitumia kwenye klipu tatu tofauti na hakuna aliyegundua.

Kosa lilikuwa letu. Kwenye klipu moja alisema "mzigo mpya umeingia leo," na sisi tukaipitisha. Ilipotoka, wiki tatu baadaye, vitenge vile vilikuwa vimeisha, na watu wakafunga safari kuvifuata. Tangu hapo "leo," "wiki hii" na bei hazitamkwi mbele ya kamera. Bei tunaiandika juu ya video wakati wa kuhariri. Ikibadilika, tunafuta maandishi na kuandika upya, kazi ya dakika 5.

Jambo jingine la kuangaliwa mapema ni taa za dukani. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za bei rahisi huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, ila kamera inaona mistari myeusi ikitambaa kwenye picha. Tunaweka spidi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila picha, iwe 1/50 au 1/100 ya sekunde na mistari inatulia. Ikigoma, tunazima taa na kumsogeza mtu mlangoni. Tunajaribu kwa sekunde 10 kabla ya yote, kwa sababu ukiigundua mistari hiyo nyumbani, video zote 12 zimekwenda na maji.

Ukipokea klipu zako, omba zitumwe WhatsApp kama Document. Zikitumwa kama video ya kawaida zinabanwa, na maua ya kitenge yanakuwa ukungu.

Mzigo mpya hauwezi kurekodiwa kabla haujafika, huo utaushuti mwenyewe kwa simu. Yule dada tulimwachia alama mbili za tepu ya karatasi sakafuni karibu na mlango, moja ya kusimama yeye, nyingine ya stendi ya simu. Anafungua robota, anasimama kwenye alama, anabonyeza.