Hati safi haikusema kwamba hakuna mwizi

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa kurasa zenu za biashara kwa miaka mingi na sijawahi kuwaandikia. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Katika taarifa yenu juu ya ile kampuni iliyofilisika, mwandishi wenu ameeleza kuwa wakaguzi wa nje "walihakikisha kampuni iko salama na hakuna fedha zilizoibwa", kisha akauliza wamelipwa kwa kazi gani. Hakuna mkaguzi anayeandika maneno kama hayo. Mwandishi angeifungua ripoti yenyewe na kuisoma hadi mwisho, angekuta sehemu inayoeleza wajibu wa mkaguzi, na humo angekuta maelezo kwamba uhakika unaotolewa ni wa kiwango cha juu, lakini si dhamana kwamba ukaguzi utagundua kila kosa kubwa lililomo. Maelezo hayo yanatakiwa na viwango vya kimataifa vya ukaguzi. Hayafichwi.

Nimefanya kazi ya ukaguzi maisha yangu yote ya ajira, kwa hiyo naomba nafasi nieleze kile ambacho hati safi inasema. Inasema kwamba, kwa maoni ya mkaguzi, taarifa za fedha zilizoandaliwa na menejimenti zinaonyesha hali halisi katika mambo yote ya msingi, kwa kufuata kanuni za uhasibu zilizotajwa. Basi. Aliyeziandaa hesabu ni menejimenti, na mwenye wajibu wa kwanza wa kuzuia wizi ni menejimenti pamoja na bodi. Mkaguzi anakuja baadaye, anatoa maoni juu ya hesabu za mwaka uliokwisha kupita. Hasemi kwamba wakurugenzi ni waaminifu, wala kwamba biashara inaendeshwa kwa busara, wala kwamba hisa zake zinafaa kununuliwa.

Maneno "mambo yote ya msingi" ndiyo yanayorukwa na kila mtu, na ndiyo yaliyonigombanisha na watu. Tulikuwa tunakagua kampuni moja ya usambazaji wa bidhaa. Faida yake kabla ya kodi ilikuwa kama milioni 400. Kabla ya kuanza kazi, mkaguzi hujiwekea kiwango: kosa la ukubwa gani, likiwa peke yake au likijumlishwa na mengine, linaweza kubadilisha uamuzi wa mtu anayezitegemea hesabu hizi? Kwa kampuni inayopata faida, wengi huanzia kwenye asilimia 5 ya faida kabla ya kodi. Kwetu ilitoka milioni 20. Tukafanya kazi, tukatoa hati safi. Mwaka uliofuata keshia alikwenda likizo, na kijana aliyekaa kwenye kiti chake akapokea swali kutoka benki kuhusu malipo ya msafirishaji ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Ikabainika kwamba keshia alikuwa akitengeneza ankara ya usafirishaji ya 600,000 kila mwezi. Kwa mwaka mzima ni milioni 7.2.

Katika mkutano mkuu uliofuata, mwanahisa mmoja mtu mzima alisimama na kuninyooshea kidole mbele ya watu wote. Akasema mimi niliwaambia hakuna mwizi. Ukumbi ukapiga makofi. Nilijaribu kueleza na sikusikilizwa, kwa hiyo naeleza sasa, na namwomba mwandishi wenu alisome hili pole pole. Kwanza, milioni 7.2 ni chini ya milioni 20. Hata ingeonekana wazi kwenye vitabu, isingebadilisha picha ya kampuni iliyopata milioni 400. Pili, na hili ndilo watu hawalitarajii: fedha ile iliandikwa kama gharama ya usafirishaji, na kweli ilikuwa imetoka benki. Salio la benki lilikuwa sahihi. Faida ilikuwa sahihi, kwa sababu fedha iliyoibwa ni hasara kama ilivyo gharama. Kilichokuwa cha uongo ni jina la gharama tu. Hesabu zilisema kweli kwamba fedha imetoka. Hazikusema imekwenda kwa nani. Tatu, mkaguzi hasomi kila ankara. Mwaka ule zilikuwa kama 4,000, nasi tulichukua 40. Ankara za wizi zilikuwa 12 tu. Ukizichagua 40 bila upendeleo kutoka 4,000, nafasi ya kukutana na angalau moja kati ya zile 12 ni kama asilimia 11. Na hata ungekutana nayo, ilikuwa na mhuri, sahihi ya kuidhinisha na hati ya kupokelea mzigo. Mkaguzi si mtaalamu wa kutambua sahihi za kughushi. Anaruhusiwa kuichukulia hati kuwa ya kweli mpaka atakapoona jambo la kumtia shaka.

Sisemi kwamba wizi mdogo haumhusu mkaguzi. Akiuona, hata wa kiasi kidogo, lazima autolee taarifa kwa ngazi ya juu inayohusika, na akigundua kwamba mkurugenzi mwenyewe yumo, suala la ukubwa wa fedha linawekwa kando, kwa sababu mtu huyohuyo ndiye aliyemtilia sahihi barua ya kuthibitisha kwamba mkaguzi ameelezwa kila kitu. Hapo mkaguzi anarudi nyuma kuuliza ni ushahidi gani mwingine ulitoka mikononi mwa mkurugenzi huyo. Lakini kuwajibika kwa ulichokiona ni tofauti na kuahidi kwamba utaona kila kitu. Tafiti za ACFE, chama cha kimataifa cha wachunguzi wa ulaghai, zimekuwa zikionyesha toleo baada ya toleo kwamba takriban asilimia 40 au zaidi ya kesi hufichuliwa na mtu aliyetoa taarifa, hasa mfanyakazi. Ukaguzi wa nje hufichua asilimia 3 au 4. Anayetegemea hati safi imlinde na keshia amejificha nyuma ya mlango ambao haukujengwa kwa kazi hiyo.

Na kuna jambo lililoniumiza kuliko kidole cha yule mzee. Mwaka kabla ya wizi kujulikana, tuliiandikia menejimenti barua ya udhaifu wa mifumo, ile inayoitwa barua kwa menejimenti. Tulieleza kwamba mtu mmoja ndiye anayeandaa malipo, anayemwingiza msambazaji mpya kwenye mfumo, na anayelinganisha vitabu na taarifa ya benki. Tukapendekeza kazi hizo zigawanywe, na kwamba kila anayeshika fedha aende likizo na mwingine ashike nafasi yake. Jibu lililorudi lilikuwa: "Limepokelewa, litafanyiwa kazi." Halikufanyiwa. Wanahisa hawakuiona barua hiyo, kwa sababu hupelekwa kwa menejimenti na bodi, haichapishwi. Mwanahisa anapewa ukurasa wa maoni, na karatasi ambayo ingemwonyesha mlango ulioachwa wazi inabaki kwenye faili la ofisi.

Msinielewe kwamba nawatetea wakaguzi wote. Wapo wanaostahili kulaumiwa, lakini walaumiwe kwa walichotakiwa kufanya. Chukueni Wirecard, kampuni ya huduma za malipo ya Ujerumani. Kwa miaka, wakaguzi wake, kampuni ya EY, waliipa hati safi. Mwezi Juni 2020 ikajulikana kwamba euro bilioni 1.9 zilizosemekana kuwekwa kwenye akaunti za dhamana huko Ufilipino huenda hazikuwahi kuwepo, na siku chache baadaye kampuni ikaomba kutangazwa mufilisi. Hiyo si ankara moja kati ya 4,000. Fedha iliyoko benki ni moja ya vitu vilivyo rahisi zaidi kuthibitishwa: mkaguzi mwenyewe huandika barua kwa benki, huituma mwenyewe, na jibu hurudi kwake moja kwa moja bila kupita kwa mteja. Akikubali karatasi iliyoletwa na mteja au na mtu wa kati, hana uthibitisho, ana hadithi. Mwaka 2023 mamlaka inayosimamia wakaguzi Ujerumani iliitoza EY faini ya euro 500,000 na kuizuia kwa miaka miwili kuchukua kazi mpya za kukagua kampuni zenye maslahi kwa umma. Hapo swali "wakaguzi walikuwa wapi" lina maana. Mwandishi wenu angetutajia ni hatua gani ya namna hiyo iliyorukwa katika hii kampuni ya sasa, ningemshukuru. Hakutaja hata moja.

Ameacha pia kusoma jambo ambalo lingemfaa. Kuhusu kampuni kuendelea na biashara, mkaguzi hupima kama menejimenti ina haki ya kuandaa hesabu kwa kudhani kwamba kampuni itaendelea, na kwa kawaida huangalia kipindi kisichopungua miezi 12. Akiona shaka kubwa, na menejimenti imeieleza ipasavyo, hati inabaki safi, ila ripoti inawekewa sehemu yake yenye kichwa cha habari kuhusu mashaka makubwa ya kuendelea kwa biashara. Kwa hiyo inawezekana kabisa kampuni kuwa na hati safi na onyo la kufilisika katika ripoti ileile. Ninyi mliandika "hati safi" mkaishia hapo. Je, sehemu ile ilikuwepo au haikuwepo? Wasomaji wenu waliopoteza fedha wana haki ya kujua, na jibu liko kwenye karatasi ambayo mwandishi alikuwa nayo mkononi.

Na kwa kuwa nimeshaanza, niseme na hili. Hesabu za muhtasari mnazozichapisha kwa malipo ya makampuni zimekuwa na herufi ndogo ambazo mtu wa umri wangu hawezi kuzisoma bila lenzi, isipokuwa faida, ambayo huandikwa kubwa na kukolezwa. Maoni ya mkaguzi hubanwa kwenye mstari mmoja wa chini: "Hesabu zimekaguliwa na kupata hati safi." Aya ya msisitizo inayomwelekeza msomaji kwenye jambo zito la hesabu, mambo muhimu ya ukaguzi yaliyomshughulisha zaidi mkaguzi, sehemu ya mashaka ya kuendelea, vyote vimekatwa. Kisha kampuni ikianguka mnamuuliza mkaguzi kwa nini hakusema. Pengine alisema, na nafasi yake ikauzwa kwa tangazo.

Pendekezo langu ni dogo na linatekelezeka. Uingereza, tangu 2013, ripoti za ukaguzi wa makampuni makubwa yaliyoorodheshwa kwenye soko la hisa hutaja kiwango kile cha kosa ambacho mkaguzi alijiwekea, na hueleza alivyokipata. Kataeni kuchapisha muhtasari wa hesabu za kampuni yoyote mpaka ilete tarakimu hiyo, na iwekeni pembeni ya faida, kwa herufi za ukubwa uleule. Faida: milioni 400. Makosa yasiyofikia jumla ya milioni 20 kwa kawaida hayabadilishi maoni haya. Chini yake andikeni mstari mmoja unaosema kama ripoti ina sehemu ya mashaka ya kuendelea kwa biashara: ipo, au haipo. Mhariri wa zamu aikague mistari hiyo miwili dhidi ya ripoti kamili iliyotiwa sahihi kabla ukurasa haujakwenda kiwandani. Nafasi itakayohitajika ni sentimita mbili, na mnaweza kuipata kwa kupunguza picha ya mwenyekiti wa bodi.

Ni mimi,
Mkaguzi wa hesabu mstaafu