Malalamiko: rilei ya shinikizo la ghafla iliyoachwa imefungiwa nje ya tangi

Idara ya Umeme,
Kiwanda cha Chumvi,
Gongoni, kaskazini mwa Malindi.

Kwa Meneja wa Huduma,

KUH: RIPOTI YENU KUHUSU HITILAFU YA TRANSFOMA YA 33/11 kV, MVA 5

Ripoti yenu tumeisoma na hatuikubali. Mnasema joto la kaskazi lilivimbisha mafuta, vali ya usalama iliyo juu ya tangi ikafunguka, na rilei ya shinikizo la ghafla ikanyamaza kwa sababu hapakuwa na hitilafu ndani. Lakini breka ya 33 kV ilikatika kwa mkondo kuzidi, na sampuli ya mafuta iliyopimwa maabara ina haidrojeni na asetilini nyingi. Joto la jua halitoi asetilini. Gesi hiyo hutoka pale cheche kali inapopasua mafuta.

Sababu ya rilei kunyamaza ni nyepesi kuiona. Imefungwa ubavuni mwa tangi, chini ya usawa wa mafuta, na kati yake na tangi pana vali ya kuitenga. Mkono wa vali hiyo tuliukuta umekaa kukingama bomba, yaani imefungwa, na picha tumeziambatisha. Mafundi wenu ndio waliokuwa wa mwisho kuishika, walipobadilisha gasketi ya rilei.

Kwa kuwa ripoti inavitaja vifaa hivi viwili kana kwamba ni kimoja, ni lazima tuvitenganishe. Ndani ya rilei mna mvukuto na kitundu chembamba sana. Mafuta yakivimba polepole kwa joto au kwa mzigo, shinikizo hupenya kwenye kitundu, likalingana pande zote mbili, na swichi haiguswi. Cheche ikiwaka, gesi huzaliwa ghafla, kitundu hakiwahi kusawazisha, mvukuto husogea na swichi hukata breka. Kinachopimwa hapo ni kasi ya kupanda, hata kama shinikizo lenyewe bado ni dogo.

Vali ya usalama haijali kasi. Springi yake huisubiri kilopaskali 70, ndipo kifuniko kinyanyuke, gesi na mafuta yatoke, kisha kijifunge shinikizo likishuka. Kijiti cha rangi hubaki kimesimama hadi mtu akirudishe kwa mkono. Kazi yake ni kulinusuru tangi lisipasuke, na hata hiyo ina mpaka: cheche kubwa iliyo mbali na vali inaweza kulipasua tangi kabla nafuu haijafika huko.

Hitilafu yetu ilianza kati ya mizunguko michache ya waya wa upande wa 11 kV. Ndani ya mizunguko hiyo mkondo huwa mkubwa mno, ilhali kwenye laini ya 33 kV, ambayo kwa mzigo kamili hubeba takriban ampea 87, ongezeko ni dogo na rilei ya mkondo haishtuki. Hapo ndipo rilei ya shinikizo ilipohitajika. Badala yake cheche iliendelea kula hadi koili ikagusana na kiini, na ndipo breka ikakatika.

Pendekezo lenu la kuiondoa rilei na kuunganisha swichi ya vali ya usalama kwenye saketi ya kukata tunalikataa. Kukata kungengoja kilopaskali 70, na kisanduku cha swichi hiyo kiko wazi kwa hewa ya chumvi. Unyevu ukiingia, breka itakatika bila sababu. Iendelee kupiga kengele tu.

Kilichotushangaza zaidi ni fundi wenu kukibonyeza kijiti chini na kutaka kuwasha tena hapohapo. Kijiti kikisimama na breka ikakatika, transfoma haiwashwi kabla ya kupima gesi kwenye mafuta, uwiano wa mizunguko, ukinzani wa koili na insulesheni.

Tunadai mgharimie ukarabati wa koili, na rilei irudishwe kazini mbele ya mhandisi wetu kwa mpangilio huu. Kwanza saketi ya kukata itengwe. Vali ya kuitenga rilei ifunguliwe taratibu, kwani ikifunguliwa kwa pupa shinikizo la mafuta pekee linaweza kuisukuma swichi. Hewa itolewe kwenye skrubu ya juu hadi mafuta yatoke bila mapovu. Kisha swichi ijaribiwe kwa pampu ya mkono, ithibitishwe kwamba rilei saidizi inajishika na taa inawaka, na kwamba mguso unaoifupisha koili yake wakati wa kawaida ni mzima. Huo ndio unaozuia maji kisandukuni yasikate breka. Mwisho, saketi irudishwe baada ya kuhakikisha rilei saidizi imeachia, na mkono wa vali ufungwe kufuli ikiwa wazi.

Ankara yenu ya huduma ile tumeizuia hadi tupate jibu la maandishi.

Wenu,
Idara ya Umeme