Barua ya wazi kwa vijana wa kazini: kabla hujamjibu meneja

Wanangu,

Wiki iliyopita mwenzenu mmoja alinionyesha jibu alilokuwa amemwandikia meneja wake. Alikuwa bado hajalituma. Aliniuliza swali moja tu: "Mzee, hili ni kali mno?" Tulikaa nalo karibu saa nzima, na amekubali niwasimulie, kwa sababu jibu kama lile nimelisoma mara nyingi sana katika miaka yangu ya kusimamia watu. Nililiandika pia mimi mwenyewe nilipokuwa na umri wenu, na nilijuta.

Meneja alikuwa ameandika hivi: "Ripoti ya mwezi imenifikia Jumatano badala ya Jumatatu. Jumla ya jedwali la pili hailingani na kiambatisho, na nimeligundua hilo nikiwa mbele ya wakurugenzi. Hii ni mara ya tatu unachelewa. Naomba maelezo."

Jibu la mwenzenu lilikuwa hili:

"Habari. Nimeshangazwa sana na ujumbe wako. Kama unavyojua, ripoti hii inategemea takwimu za kitengo cha mauzo, na wao ndio waliochelewa. Nilikaa hadi usiku Jumanne nikiimalizia. Kuhusu jedwali, kuna hitilafu ilijitokeza kwenye fomula. Pia si kweli kwamba ni mara ya tatu. Hata hivyo, samahani kama kulikuwa na usumbufu. Tutajitahidi isijirudie."

Lisomeni tena taratibu. Halina tusi, na karibu kila neno ni kweli. Mauzo walichelewa kweli, na kweli alikesha. Ndiyo maana jibu la kujitetea ni gumu kuliona ukiwa wewe ndiye mwandishi: unajiona unasema ukweli tu. Kosa liko kwenye swali unalolijibu. Meneja alitaka kujua mambo matatu: je, umeelewa lililonipata, sehemu yako ni ipi, na mwezi ujao itakuwaje. Mwenzenu akajibu swali la nne, ambalo hakuulizwa: nani alaumiwe.

Sikuanza kwa kumrekebishia maneno. Kulainisha maneno peke yake ni kupaka rangi ukuta wenye ufa. Nilimuuliza: "Ulijua lini kwamba takwimu za mauzo zitachelewa?" Akafikiri kidogo, akasema Ijumaa mchana. "Ulimwambia nani?" Akanyamaza.

Hapo ndipo tulipoipata sehemu yake. Mauzo kuchelewa halikuwa kosa lake, na sitaki alibebe. Lakini jambo alilolijua Ijumaa, meneja alilijua Jumatano, tena baada ya kuisubiri ripoti siku mbili. Ukimya wa siku zile ulikuwa wake peke yake. Basi, ukipewa lawama na mkono ukakimbilia kumtaja mwingine, jiulize kwanza: nilijua lini, na nikafanya nini nilipojua? Mara nyingi jibu lako la kweli limekaa kati ya maswali hayo mawili.

Tukaenda kwenye jedwali. "Hitilafu ilijitokeza kwenye fomula." Nikamwomba anifungulie faili. Mwezi ule aliongeza tawi jipya kwenye mstari wa 14, chini kabisa, lakini fomula ya jumla ilibaki vilevile:

```
=SUM(B2:B13)
```

Tawi la mstari wa 14 halikuhesabiwa. Fomula ilifanya ilichoambiwa. Aliyeongeza mstari bila kuigusa fomula ni yeye, na ni yeye ambaye hakulinganisha jumla ile na kiambatisho kabla ya kutuma, kazi ya dakika mbili.

Hapa nataka mtazame kitenzi, maana Kiswahili chetu kina mahali pazuri sana pa kujificha. Tunasema ripoti ilichelewa, takwimu zilichanganyika, barua ilisahaulika, makosa yalijitokeza. Mambo yote hayo yanatokea na hakuna mtu aliyeyafanya! Ukimaliza rasimu, pita kwenye kila kitenzi uangalie herufi zake za mwanzo. Penye kosa lako pawe na "ni" au "si": nilichelewesha, nilisahau, sikulinganisha. Na mchunge "tu" pia. "Tutajitahidi" ya mwenzenu ilikuwa ya nani na nani, ilhali ripoti anaiandika peke yake?

Maneno mengine ya rasimu ile tuliyaondoa haraka. "Nimeshangazwa" inampa meneja kazi ya kukutuliza wewe, na yeye ndiye aliyeaibika mbele ya wakubwa wake. "Kama unavyojua" maana yake ni "unajua na bado unanilaumu." Kukesha Jumanne kulikuwa bidii ya kweli, lakini hakumsaidii anayeuliza kwa nini ripoti haikufika Jumatatu. Kisha "samahani kama kulikuwa na usumbufu." Mtu amekwisha kukuambia kwamba usumbufu ulikuwepo, mahali ulipotokea na mbele ya nani. Ukiweka "kama", unamwambia humwamini. Samahani inataka kutaja kitu chenyewe.

Likabaki lile la "mara ya tatu", na hapo mwenzenu alikuwa na haki. Mara moja kati ya hizo tatu meneja mwenyewe alikuwa ameisogeza tarehe, na barua pepe yake ipo. Je, alinyamazie? Hapana. Kuwajibika si kukiri usilolifanya, na kumbukumbu isiyo sahihi ukiiacha ipite itakaa kwenye tathmini yako ya mwaka. Shida ilikuwa namna na mahali pake. "Si kweli" ni kumwita mtu mwongo, na likitangulia kukiri, kukiri kote kunaonekana kumelazimishwa. Tukaliweka chini, baada ya yeye kubeba yake, likiwa na ushahidi na bila neno la hasira.

Jibu aliloandika upya ni hili:

"Habari za asubuhi. Nimesoma ujumbe wako, na nimeelewa kwamba kosa la jedwali lilikukuta mbele ya wakurugenzi. Samahani kwa hilo. Nilipaswa kuliona mimi kabla halijakufikia.

Niliongeza mstari wa tawi jipya bila kurekebisha fomula ya jumla, na sikulinganisha jumla na kiambatisho kabla ya kutuma. Nimeambatisha jedwali lililosahihishwa. Kilichobadilika ni jumla tu, namba nyingine ziko vilevile. Ukipenda, nitakuandikia maelezo mafupi ya kuwapelekea wakurugenzi leo.

Kuhusu kuchelewa: takwimu za mauzo zilinifikia Jumatatu mchana, lakini tangu Ijumaa nilijua hazitafika kwa wakati na sikukuarifu. Kuanzia mwezi huu, zisipofika hadi Ijumaa saa sita mchana, nitakuandikia siku hiyohiyo.

Katika zile mara tatu, moja ni ya mwezi ambao uliisogeza tarehe kwa barua pepe niliyoiambatisha. Kama nimeielewa vibaya, naomba unisahihishe. Hilo halipunguzi niliyoyasema kuhusu ripoti hii.

Naomba nijue jambo moja: takwimu zikichelewa tena, ungependa upate ripoti Jumatatu ikiwa na pengo lililowekewa alama, au usubiri iliyokamilika?"

Angalieni kwamba mauzo bado wametajwa. Kueleza chanzo hakukatazwi, maana meneja anakihitaji ili akakiondoe. Tofauti ni kwamba sentensi ile haiishii kwa mauzo, inaishia kwa "sikukuarifu". Neno "lakini" nalo limegeuzwa uso. Mtu anayejitetea huandika "nilikosea, lakini wao walichelewa." Hapa imekuwa "wao walichelewa, lakini mimi nilijua na sikusema." Pima majibu yenu kwa neno hilo moja: linalokaa baada ya "lakini" ndilo analoondoka nalo msomaji.

Ahadi nayo ina saa na siku, kwa hiyo meneja anaweza kuikagua Ijumaa ya kabla ya ripoti ijayo. "Nitajitahidi" haikaguliki. Na swali la mwisho ni swali kweli, mwenzenu hakulijua jibu lake. Usiulize swali la kupamba, kwa sababu linajulikana.

Mmoja wenu atasema huku ni kuubusu mkono usioweza kuukata. Sikubali. Anayebusu mkono angeandika, "Naomba unisamehe sana bosi, mimi ni mzembe, sijui nina nini siku hizi." Jibu la namna hiyo nimelipokea mara nyingi, na lilinichosha kuliko la kiburi, kwa sababu nilibaki na kazi mbili: kumfariji aliyeniandikia, na kulisahihisha jedwali mwenyewe. Kujidhalilisha nako ni kukwepa, maana hakusemi ni nini hasa kilifanyika.

Kuhusu muda, msijibu moto ukiwa bado unawaka, wala msinyamaze siku nzima. Mwenzenu alituma kwanza sentensi mbili: "Nimepokea. Nalipitia jedwali, nitakujibu leo kabla ya saa kumi." Kisha akaandika rasimu akiwa ameacha wazi sehemu ya anwani, ili kidole kisiteleze ikaondoka. Na msiongeze watu kwenye nakala ambao meneja hakuwaweka. Ukiingiza wakubwa au wenzako kwenye jibu, limegeuka kesi, hata likiwa na maneno ya asali.

Kuna mahali ambapo ushauri wangu huu unakoma, na nawaomba mpashike. Ukiandikiwa barua rasmi ya kutakiwa kujieleza, yenye tuhuma za nidhamu, upotevu wa fedha au wa mali, usikimbilie kuandika "nilikosea" kwa moyo mweupe. Maandishi yale huingia kwenye faili na yanaweza kutumika katika kikao cha nidhamu. Soma tuhuma, angalia siku ulizopewa za kujibu, umtafute mtu wa chama cha wafanyakazi au mwanasheria kabla hujaandika neno. Na meneja anayekutukana au kukudhalilisha hana haki ya kupewa maelezo kana kwamba ameuliza swali la kazi. Hilo lina njia yake ya malalamiko. Yote niliyoandika hapo juu ni ya ukosoaji wa kazi, ule wa kila wiki, ambao ndio mwingi.

Meneja alijibu jioni ile ile. Alikubali kuhusu mwezi wa tarehe iliyosogezwa, akaomba maelezo ya wakurugenzi, na kwenye swali la mwisho akaandika: "Nitumie Jumatatu hata ikiwa na pengo. Nitaongea na mauzo." Mara zote alizochelewa, mwenzenu alichelewa kwa sababu aliamini kwamba ripoti yenye pengo ingekataliwa, na hakuwahi kuuliza.

Aliye na rasimu nyingine aniletee kabla hajaituma, tuipitie pamoja.

Mzee wenu