Mdogo wangu, zisome tena meseji za shangazi

Mdogo wangu uliyeko Mwanza,

Assalaam alaykum. Naandika hadharani kwa kuwa najua wengi hujibu kama ulivyojibu wewe, na mimi nilikuwa mmoja wao. Shangazi ameniridhia. Alitaka jambo moja tu, nisimtaje jina lake wala la marehemu mumewe.

Meseji yako ilipoingia nilikuwa nimekaa naye mkekani, nyumbani kwake Barabara ya 12, Ngamiani. Akavaa miwani, akasoma taratibu huku kidole kikifuata maneno. Kisha akaandika "Amin. Ahsante mwanangu", akailaza simu kifudifudi, akarudi kwenye tasbihi yake. Nilimtazama usoni. Kuna kitu alikuwa anakingoja, na hakikuja.

Ulimwandikia: "Pole sana shangazi. Kazi ya Mola haina makosa. Kila nafsi itaonja mauti. Jikaze." Yote hayo ni kweli, na yeye anayaamini kuliko mimi na wewe. Lakini yangeweza kuandikwa na mtu ambaye hakuisoma meseji yake kabisa. Nainakili hapa neno kwa neno:

"Mwanangu tumemzika jana baada ya alasiri. Watu walikuwa wengi mashallah. Ile kanzu uliyomletea Idi hajaivaa hata mara moja, iko kwenye mfuko wake vilevile. Alhamdulillah tunaendelea."

Ya maziko na ya wingi wa watu alimwandikia kila mtu, hata kwenye kundi la ukoo yamo. "Alhamdulillah tunaendelea" ni kawa. Sote hufunika hivyo, na ni haki yake kufunika. Yanayobaki ni maneno ya kanzu, na hayo aliyatuma kwako peke yako, kwa sababu hapana mwingine aliyemletea mzee kanzu. Aliyefiwa akitoka kwenye habari ya watu wote akakushikisha kitu kimoja, kanzu, kikombe, dawa iliyobaki nusu chupa, ujue hapo ndipo anapotaka mkae. Anataka mumzungumze mzee, wewe na yeye, kwa kipande ambacho ni chenu wawili.

Na ukiisoma mara ya pili utaona ndani yake kuna swali. Mbona aseme iko kwenye mfuko wake vilevile? Hajui aifanyeje. Kuirudisha kwako ni uzito, kuitoa sadaka bila wewe kujua ni uzito pia, na kukuuliza siku ya pili ya msiba anaona haya. Ungemwandikia hivi tu: "Shangazi, siku ile aliipima juu ya shati akaniambia mikono mirefu. Iache hapo hapo ilipo mpaka moyo wako utakapoamua, mimi niko radhi kwa lolote." Hapo ungekuwa umemjibu.

Sitaki udhani nabuni. Dalili ya jibu lililofika au lisilofika ni meseji inayofuata. Akirudisha "Amin" au "Ahsante" peke yake, mazungumzo yamekwisha, umemfungia. Akirudisha kitu kipya ambacho hukumuuliza, siku fulani, jina la mtu, kicheko kidogo cha zamani, basi ulimsikia. Pitia simu yako uangalie. Kwako wewe amerudisha Amin mara nne.

Sasa nikueleze meseji aliyoniandikia mimi siku ya nne. Ilikuwa na maneno matatu: "Leo nimewasha jiko."

Unajua kwetu siku tatu za mwanzo jiko la mfiwa haliwashwi. Majirani ndio wanaoleta sinia. Asili yake ni ile habari ya mwaka wa 8 Hijria, Jaafar bin Abi Talib alipouawa vitani Muuta, Mtume akawaambia watu wawapikie jamaa zake kwa kuwa limewafika la kuwashughulisha. Basi sinia zikikoma, matanga yameanuliwa, mikeka imekunjwa, na wageni wa Pangani na Muheza wamerudi kwao. Maneno yale matatu yalikuwa na habari yote hiyo: nyumba imekuwa tupu, na amepika kwa kipimo cha mtu mmoja kwa mara ya kwanza tangu aolewe.

Vidole vyangu vilitaka kuandika "Mashallah, umepata nguvu." Nilijizuia. Nikamwandikia, "Umepika nini, shangazi?" Akajibu wali kwa mchuzi wa kibua, na kwamba amekosea kipimo, umebaki mwingi, mkono umezoea kupima wa wawili. Siku hiyo niliacha nilichokuwa nacho nikaenda kula ule uliobaki. Wewe uko mbali, huwezi kwenda kula. Lakini kuuliza umepika nini kunawezekana kutoka Mwanza.

Kuna jambo la pesa, na hapa uwe makini zaidi, maana kufiwa hakumtoi mtu haya. Mjane wa kwetu hawezi kukuandikia "sina kodi". Aliniandikia hivi: "Mwenye nyumba alipita kunipa mkono wa pole. Mtu mwema sana, hakusema kitu."

Hakusema kitu. Mtu aliyekuja kutoa pole alitarajiwa aseme nini zaidi ya pole? Neno hilo lilinikaa kichwani siku nzima. Ila dhana ni dhana, na kumvamia mfiwa kwa maswali ya deni kwa sababu ya dhana yako ni kumvunjia heshima. Nikampigia binamu yetu aliyeshika daftari la ubani, nikamuuliza yeye. Akaniambia ubani uliochangwa umekwenda kwenye sanda, mbao, usafiri na khitma, na kodi ina miezi miwili haijalipwa. Kumbe nilisoma sawa. Ingekuwa nimekosea, shangazi asingejua hata kama niliuliza.

Namna ya kupeleka nayo ina lugha yake. "Ukiwa na shida yoyote niambie" ni kumrudishia mzigo: sasa aanze yeye kutafuta maneno ya kuomba. Nilimtumia kwenye simu yake mwenyewe na nikaandika, "Shangazi, huu ni ubani wangu, niliuchelewesha, niwie radhi." Ubani haukataliwi, wala hauulizwi ni wa nini. Ningeliita msaada angerudisha, namjua. Na ukumbuke yumo ndani ya eda, miezi 4 na siku 10, hatoki ila kwa dharura. Luku ikiisha, mkaa ukiisha, dawa yake ya presha ikiisha, lazima amtume mtu, na kutuma mtu kila siku kunamchosha. Kwa hiyo ukisoma "taa zimezimika tena mtaani", muulize jirani kwanza kama ni mtaa mzima.

Ya usiku ni tofauti. Kuna siku aliniandikia saa nane usiku: "Sijui ile Jumatatu ningekuwa mkali zaidi."

Meseji hiyo hiyo alimtumia pia mtu mwingine wa ukoo, na yule alijibu haraka, kwa mapenzi kabisa, "Usiseme hivyo shangazi, siku yake ilikuwa imefika." Tangu hapo hamwandikii tena mtu yule jambo la Jumatatu. Amekuja kunieleza mwenyewe: "Aliniambia nisiseme, nikaacha kusema." Hakuwa anabishana na kadari. Alikuwa na Jumatatu nzima kifuani na hakuwa na wa kumsimulia. "Sijui" katika meseji ya namna hii si swali linalotaka jibu, ni mlango wa hadithi.

Nilipoamka alfajiri nikaiona, nikaandika, "Jumatatu ilikuwaje, shangazi?" Akanitumia ujumbe wa sauti wa dakika 11. Alianza na chai ambayo mzee hakuimaliza. Akaeleza alivyomwambia twende hospitali, alivyokataa, alivyosema ni uchovu wa baiskeli tu, alivyoona vidole vyake vimekuwa baridi. Katikati alinyamaza nikasikia adhana ya mbali na jogoo wa jirani. Mwishoni akasema mwenyewe, bila mimi kumwambia, "Lakini yule alikuwa akikataa hivyo hivyo miaka yote, na mimi ningembeba vipi?" Nilimjibu kwa ufupi: "Nimekusikiliza mpaka mwisho. Ulikuwa naye." Sikumwambia kama ingesaidia au isingesaidia. Mimi si daktari, na hata daktari asingeweza kujua kwa meseji.

Ila kuna meseji ambazo hazijibiwi kwa meseji. Akiandika kwamba haoni haja ya kuendelea kuishi, au anatamani amfuate, au siku zinapita hali chakula, usikae kutafuta maneno mazuri. Mpigie saa hiyo hiyo, na huku mwingine ampigie jirani aingie ndani akae naye. "Namkumbuka hata pumzi sina" inaweza kuwa huzuni ya kawaida, inaweza kuwa zaidi. Huwezi kuipima kwenye kioo cha simu, lazima uisikie sauti.

Nilijifunza haya kwa uchungu. Mama alipofariki nilipokea pole nyingi mno, nikajibu zote "Amin, ahsanteni". Moja tu ndiyo niliyoihifadhi, ya dada mmoja tuliyesoma naye, aliyeandika: "Mama yako alinifokea kwa kuingia na viatu, kisha akanipa kitumbua." Niliisoma nikalia vizuri. Nilikuwa sijapata kulia vizuri wiki nzima.

Sasa turudi kwako. Jana amekutumia nyingine, amenionyesha, na anasema hujaijibu: "Baiskeli ya baba imeisha upepo." Najua kwa nini umenyamaza. Baada ya maneno yangu haya labda utaanza kutafuta kilichofichwa: anataka ikajazwe, anataka iuzwe, anataka umpe mtu. Nimeifikiria na mimi. Ile baiskeli imeegemea ukuta wa uani tangu siku ile, palepale mzee alipoiacha aliporudi kutoka sokoni, na hapana aliyeigusa. Tairi la nyuma limekaa chini kabisa, rimu imegusa saruji. Sioni ombi ndani yake. Ameona, na alitaka mtu mwingine aliyeipanda utotoni ajue kwamba ameona.

Alikubeba kwenye ile baiskeli mpaka Raskazone kuogelea, wewe mbele kwenye bomba, mimi nyuma kwenye kerieri. Mwandikie hilo. Baada ya swala ya alfajiri simu yake huwa karibu.