Keki zako mbili na ile robo kijiko

Asalaam alaykum shoga yangu Zuhura,

Hamjambo huko Mombasa? Mama mguu unaendeleaje, ameanza kukanyaga? Sie huku Tanga alhamdulillahi, Kulthum kajifungua salama, mtoto wa kiume, mengine ya huko ntakupigia manake ni marefu. Samahani kwa kimya, najua nimekaa sana.

Kilichonikalisha leo niandike ni ile voisi yako ya juzi, nimeisikiliza mara tatu. Ulivyosema oveni imeharibika na unataka kumwita fundi, roho ikaniambia hapana, huyu asimwite fundi kwanza. Umepika keki ile ile ya mtindi mara mbili, zote nusu, ya kwanza ikatoka nyeupe imelala na kauchachu kwa mbali, ya pili ikatoka rangi ya chai na ukiila kama umelamba sabuni. Oveni mbovu itakuunguzia au itakuachia bichi, haiwezi leo kuleta uchachu kesho sabuni. Hiyo ni soda shoga, tena sina shaka. Mara ya kwanza imepungua, mara ya pili imezidi, na zote mbili ulidhani umeweka nusu ya robo kijiko.

Twende taratibu. Ile keki nzima ni unga vikombe viwili, mayai mawili, mtindi nusu kikombe, beking pauda kijiko cha chai kimoja na nusu, beking soda robo kijiko. Ukiigawa, unga kikombe kimoja, yai moja, mtindi robo kikombe, hapo hakuna wa kukosea. Hata beking pauda inakuwa nusu kijiko na robo, vijiko vyote viwili unavyo. Ila soda sasa inakuwa sehemu moja ya nane ya kijiko cha chai, na seti yako ya vijiko vya kupimia mwisho wake robo, kama ya kwangu. Hapo ndo mkono unaanza kukisia.

Na kukisia kwenyewe kuna mtego ambao wengi hatuujui. We ulisema mara ya kwanza ulichukua kile kijiko cha robo ukajaza nusu yake. Nusu ya wapi? Ya kina, si ndio? Sasa kile kijiko ni cha mviringo kama kikombe cha kahawa, chini kimebana juu kimetanuka. Ukijaza mpaka nusu ya kina, kilichomo hakifiki hata theluthi. Chukua kikombe cha kahawa cha duara kabisa, tia maji mpaka kati, mimina kwenye kingine kinachofanana nacho, rudia mpaka kijae. Kingekuwa nusu kweli ungemimina mara mbili tu, lakini utamimina tatu na bado kitadai kidogo. Kwa hiyo keki ya kwanza ilipata soda kama theluthi mbili tu ya ilichotakiwa, ule uchachu wa mtindi ukabaki bila wa kuutuliza, keki ikawa nyeupe na haikupanda vizuri.

Mara ya pili ukaogopa, ukachota kwa ncha ya kijiko ikaonekana ndogo, ukaongeza na vidole. Soda iliyozidi haina mtindi wa kuchanganyika nao, inabaki hivyo hivyo ndani ya keki, moto unaifanya kali zaidi, ndo ile ladha ya sabuni na ile rangi. Wala usijilaumu, manake kosa lenyewe ni dogo mno. Kijiko cha chai cha soda kilichofutwa juu na mgongo wa kisu ni kama gramu 5. Robo yake ni gramu moja na ushee. Nusu ya hapo ni gramu 0.6, Zuhura, haifiki hata gramu moja! Sasa fikiria kijiko hukukifuta, pale juu pamebaki kakilima ka gramu 0.4 tu. Kwenye keki nzima 1.2 imekuwa 1.6, imezidi theluthi, labda rangi itakolea kidogo na hakuna atakayesema. Kwenye nusu keki kakilima hako hako kameifanya 0.6 kuwa 1.0, yaani imezidi theluthi mbili. Mkono ni ule ule, makosa ni yale yale, ila kipimo kimesinyaa na kosa halikusinyaa nacho. Unga ukikosea hivyo hivyo kwenye kikombe kizima hata hujui.

Ndo maana pia nilikuambia mizani yako ya jikoni haitakusaidia hapa, ukanuna. Ile inasoma gramu moja moja. Ukiiwekea 0.6 itakuambia 0 au 1, yote mawili si kweli, tena ukimwagia kidogo kidogo mara nyingine haishtuki kabisa, halafu ghafla inaruka.

Sasa dawa yake, ambayo mimi ndo naifanya tangu nianze kupika keki ndogo za oda. Usipime kidogo. Pima kingi, kichanganye na unga, halafu gawa. Chukua soda kijiko cha chai kimoja kizima, uvunje madonge kwanza, ufute juu. Chukua kijiko hicho hicho, unga wa ngano vijiko saba, vyote vifutwe juu. Vimekuwa vinane. Chekecha pamoja mara tatu, na usiruke hapa manake soda ikijikusanya upande mmoja umerudi pale pale. Basi kila kijiko kimoja cha mchanganyiko huo kina soda sehemu moja ya nane, ndiyo ile unayoitafuta. Unakitia kwenye unga wako wa keki, kijiko kimoja kizima unachokiona kwa macho na kukifuta kwa kisu, na kale kakilima hata kakibaki sasa sehemu kubwa yake ni unga.

Ukitaka kutumia mizani hapo sasa ndo inafaa: soda gramu 5, unga gramu 35, jumla 40, halafu unapima gramu 5 za mchanganyiko. Mimi naona hii ya mizani ni bora kuliko ya vijiko, kwa sababu unga ukishindiliwa au ukipepetwa ujazo wake unabadilika, gramu hazibadiliki. Hata mizani ikikosea nusu gramu kwenye zile 5, ni sehemu moja ya kumi tu, keki haitajua. Mchanganyiko ukibaki weka kwenye kopo kavu, andika juu ni nini, nakuomba sana uandike, usije mtu akaupikia chapati.

Na kabla sijasahau, hakikisha ni beking soda ya dukani, sio magadi yale ya kulainishia maharage. Yale ni kitu kingine, nguvu yake tofauti, na yana makapi yake. Mama Rama aliwahi kuchanganya hivyo akatupa beseni zima.

Hamira je? Uliuliza mwishoni mwa voisi kama mahamri ya nusu yatakuwa na shida hiyo hiyo. Kosa la kupima lipo vile vile, ila hamira inakusamehe, soda haisamehi. Hamira ikiwa pungufu unasubiri zaidi, unga utaumuka tu, ikizidi unawahi kukata kabla haujapitiliza. We angalia donge, usiangalie saa. Soda ukishaichanganya na mtindi imeanza kazi hapo hapo, hakuna kusubiri wala kurekebisha, kilichoingia kimeingia.

Halafu kuna lile la chumvi na iliki, pale ulipocheka ukasema nusu ya kubana kwa vidole ni nini sasa. Swali zuri kuliko unavyodhani. Aliyeandika ile karatasi aliandika kwa vidole vyake. Anayebana kwa vidole viwili na anayebana kwa vitatu wanapishana hata mara mbili, kidole kikiwa na unyevu kinabeba zaidi, chumvi ya mawe na chumvi laini nazo hazikai sawa. Kwa hiyo kile kiasi hakikuwahi kuwa kipimo, huwezi kukata nusu kitu ambacho hakijapimwa. Ninachofanya mimi nabana kama keki ni nzima, naweka kwenye sahani, nakipanga kwa kisu kiwe mstari mwembamba mrefu, nakata katikati. Jicho linagawa mstari vizuri, haliwezi kugawa kilima. Ikipishana kidogo hakuna msiba, chumvi na iliki zinaharibu ladha tu na hata hapo kidogo, hazigusi kupanda kwa keki. Zafarani ndo rahisi kabisa, loweka zile nyuzi zote kwenye maziwa ya moto vijiko viwili, ikishatoa rangi mimina kijiko kimoja, kingine weka kwa chai.

Ile robo kijiko yenyewe nayo naitilia shaka shoga, nimeikumbuka wakati naandika. Karatasi ile si tulinakili kwa mama mdogo wako? Na yeye alikuwa akichota kwa kijiko cha chai cha kawaida cha kukorogea, anakadiria robo. Vijiko vile havilingani, kila nyumba na chake. Inawezekana robo yake ilikuwa na kakilima miaka yote na keki nzima ikawa inavumilia. Kwa hiyo hata hii moja ya nane ninayokuandikia anza nayo tu, ukiona bado kauchachu, ongeza robo ya kijiko cha mchanganyiko safari inayofuata. Hapo ndo utamu wa ule mchanganyiko, unaweza kusogea hatua ndogo na unajua umesogea kiasi gani.

Na siku huna nafasi ya kuchekecha, basi pika keki nzima kwenye mabati mawili madogo, moja mpelekee jirani. Mimi hiyo nafanya sana.

Sasa nijibu. Soda yako umeinunua lini, na kopo linafunga au liko wazi karibu na jiko? Ile keki ya pili ulipoikata, ndani ilikuwa na madoa ya kahawia hapa na pale au rangi moja kote? Manake madoa ni madonge ya soda ambayo hayakuvunjwa, hiyo ni shida nyingine. Bati ulitumia lile lile kubwa? Na mtindi ni ule mzito wa nyumbani au wa pakiti? Yule bwana wa oveni umeshamlipa? Kama bado mwambie asubiri kwanza. Na mama mdogo ana kile kijiko chake bado, kile chembamba chenye ua kwenye mkono? Kitie maji kwa sindano ya dawa ya mtoto, uniambie kinaingia mililita ngapi.

Wako,
Saida